Jengo namba 124, mlango namba 15: tunahesabu ipi?

*Shikamoo mwalimu. Mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa mwezi wa kumi na mbili. Tumepata nyumba ya kupanga Tabata, ghorofa ya pili, na kodi ya miezi sita tumeshalipa. Kibao cha jengo kimeandikwa 124, mlango wetu ni namba 15, na kwenye mkataba wameandika kiwanja namba 318. Rafiki yangu anayefuatilia mambo ya namba kajumlisha 124 akapata 7, akaniambia 7 ni nyumba ya upweke, haikai wawili. Tangu siku hiyo sina raha. Mimi nimezaliwa 14 Machi 1996, mwenzangu 9 Novemba 1992. Tuachane na hiyo nyumba?*

Marahaba mwanangu. Msiiache. Rafiki yako hakukosea kujumlisha: 1 na 2 na 4 ni 7 kweli. Alichokosea ni kuchukua namba ya watu wote wa jengo lile akaifanya yenu. Hiyo 124 ni ya wapangaji wa juu, wa chini, na mwenye duka pale mbele kama lipo. Ingekuwa 7 yake ndiyo inayotenganisha wawili, basi kusingebaki wawili kwenye jengo zima.

Katika elimu ya namba, namba ya nyumba ya watu wawili ni ile iliyo kwenye mlango wanaoufunga wao wenyewe usiku. Kwenu ni 15. Unajumlisha 1 na 5, unapata 6. Hiyo ndiyo namba mtakayoishi nayo, na nitaieleza kwa kirefu, maana ina mambo yake. Ile 7 ya jengo inabaki kuwa ya nje: husemwa kuwa inaonyesha hali mtakayoikuta kwenye ngazi na uani, yaani majirani wapole, kila mtu na lake, salamu fupi na mlango unafungwa. Kwa maharusi wapya si kitu kibaya.

Nimeletewa swali la namba mbili tatu za nyumba moja mara nyingi sana tangu mwaka 2022, ile operesheni ya anwani za makazi ilipopita mitaani kabla ya Sensa ya Agosti. Zamani nyumba nyingi za Dar zilijulikana kwa mwenye nyumba au kwa mwembe ulio mbele yake, na mtu hakuwa na namba ya kumtia wasiwasi. Sasa kuna kibao cha jengo, kuna namba ya mlango aliyoipaka mwenye nyumba kwa rangi, na kuna namba ya kiwanja kwenye karatasi. Kiwanja kinamhusu anayemiliki ardhi na anayejenga. Namba hiyo haimgusi mpangaji. Postikodi ni ya kata nzima, kwa hiyo haihesabiwi. Na kuna watu hunitumia namba ya mita ya LUKU. Ile ni namba ya kifaa, mita ikiharibika wanakuja kufunga nyingine na namba inabadilika, wakati nyumba ni ile ile.

Kama mlango ungekuwa na herufi, kwa mfano 12B, herufi nayo inahesabiwa kwa nafasi yake: A ni 1, B ni 2, C ni 3, mpaka I ambayo ni 9, halafu J inaanza tena na 1. Kwa hiyo 12B ni 1 na 2 na 2, jumla 5. Sifuri haiongezi kitu, 105 na 15 zote zinaishia 6. Na wale wanaopanga chumba kwenye nyumba yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, milango haina namba yoyote, hao wanachukua namba ya kibao cha nyumba, kwa sababu jiko, choo na uani wanachangia na nyumba nzima.

Nakusisitizia jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe liliwahi kunishinda. Miaka ya mwanzo ya kazi hii walinijia mume na mke waliokuwa wamehamia Mbagala, wakanionyesha mkataba tu. Nikachukua namba niliyoiona juu ya karatasi, nikapata 4, na namba zao za kuzaliwa zote zilikuwa za watu wa mwendo, nikawaambia nyumba itawabana. Wakahama mwezi wa pili. Kodi ya miezi minne iliyobaki hawakurudishiwa. Siku nilipokwenda kuwasaidia kubeba vitu ndipo nikaona mlango wao una namba yake, 21, ambayo ni 3, na 3 nisingeikataa kwa watu wale hata kidogo. Niliyoijumlisha ilikuwa ya kiwanja. Ile hasara ilikuwa yao na kosa lilikuwa langu, na tangu hapo sijibu swali la nyumba kabla sijaletewa picha ya mlango.

Ujue pia kwamba elimu hii ninayotumia hapa si falaki ya wazee wetu wa pwani. Falaki inahesabu majina, mara nyingi jina la mtu pamoja na la mama yake, kwa thamani za herufi za Kiarabu: alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4, ikifika 10 inapanda kwa makumi, halafu mamia, mpaka 1000. Jumla inaondolewa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndicho kinaonyesha nyota. Humo namba ya mlango haimo. Hii ya kujumlisha tarakimu mpaka ibaki moja, na A kuwa 1, ilienezwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, mmoja wa waliotangulia kuifundisha akiwa mwanamke wa New Jersey aliyejulikana kwa jina la L. Dow Balliett. Watu huiita ya Pithagora, ila Pithagora hakuishi zama za nyumba zenye namba. Desturi ya kuzipa nyumba namba ilienea Ulaya karne ya 18. Nakwambia haya ili mtu asikuchanganyie. Ukiona 786 imeandikwa dukani au kwenye gari, ile ni Bismillahi kwa hesabu ya herufi za Kiarabu, na mwenye nayo haijumlishi kupata 3. Ukimkuta mtaalamu anaijumlisha, ujue amebeba vipimo viwili kwenye mkono mmoja.

Sasa 6 yenu.

Nyumba ya namba 6 ndiyo ambayo wataalamu wengi wa namba wakiulizwa na maharusi huitaja kwanza. Husemwa ni nyumba ya familia: inapenda kupikwa, inapenda watoto, inapenda wagonjwa waje kuuguzwa humo. Vitu vyake vinapangwa, mapazia yanachaguliwa kwa makini, na ugomvi wake hauishi kwa mtu kutoka na begi, unaisha mezani. Wanaoingia wawili wakiwa na nia ya kuanzisha ukoo, 6 husemwa inawabeba.

Lakini 6 ina upande ambao rafiki yako asingekwambia hata kama angeihesabu, kwa sababu wengi hawaufiki. Nyumba ya 6 inavuta watu. Mdogo wake mume anakuja kutafuta kazi, wiki mbili, halafu mwezi, halafu godoro lake linapata pembe ya kudumu sebuleni. Shangazi anakuja kliniki kutoka mkoani. Binti wa jirani wa nyumbani anakuja kusoma kozi. Kila mmoja ana sababu, na wewe huwezi kusema hapana kwa yeyote. Baada ya mwaka, wawili walioingia humo hawajawahi kula peke yao. Na mzigo wa 6 haugawanyiki wenyewe. Husemwa unamwangukia yule ambaye namba yake mwenyewe inakaribia 6, kwa sababu yeye huona kuhudumia ni kawaida na hasemi mpaka amechoka kabisa.

Hapo ndipo tarehe zenu zinapoingia. Yako: siku 14, yaani 1 na 4 ni 5. Mwezi ni 3. Mwaka 1996, tarakimu zake ni 25, nazo 2 na 5 ni 7. Jumlisha 5, 3 na 7 unapata 15, na 15 inashuka kuwa 6. Umeona? Namba yako ya kuzaliwa ni ile ile ya mlango, na hata kabla ya kushuka ni 15 kwa 15. Mwenzako: siku ni 9, mwezi wa 11 unashuka kuwa 2, mwaka 1992 tarakimu zake ni 21, inashuka kuwa 3. Hizo 9, 2 na 3 ni 14, inashuka kuwa 5. Wapo wanaoiacha 11 bila kuishusha. Kwa mwenzako haibadilishi kitu, kwa kuwa 9, 11 na 3 ni 23, nayo ni 5 vilevile.

Kwa hiyo mlango huu ni wako zaidi kuliko wake. Mtu akiingia kwenye nyumba yenye namba yake, husemwa tabia yake inakua mara mbili, nzuri na nzito zote. Utajisikia umefika nyumbani siku ya kwanza. Utajua sufuria ikae wapi kabla hujaifungua kwenye boksi. Na yeye, mwenye 5, ni mtu wa mwendo, anayepumua vizuri akiwa na ruhusa ya kutoka, kubadilisha, kukutana na watu. Atakuja ndani ya nyumba iliyokwisha kupangwa yote kwa mkono wako, yenye ratiba, yenye wageni wa kuhudumiwa, na ataanza kuchelewa kurudi. Wewe utasoma kwamba hakupendi. Yeye atasoma kwamba hana pa kuweka miguu. Wasomaji wengi wa namba wataona huo ndio mtego wa wenye 6 na 5 kwenye mlango wa 6, na ndiyo sababu sikukujibu tu kwamba 6 ni nzuri, lala usingizi.

Kuna namba ya tatu, ya ninyi wawili kama kitu kimoja. Unaichukua 6 yako na 5 yake, jumla 11, inashuka kuwa 2. Mbili ni namba ya watu wawili waliokaa karibu: kusikilizana, upole, kusubiriana. Udhaifu wake ni kunyamaza. Mwenye 2 humeza neno ili asimuumize mwenzake, na neno lililomezwa wiki tatu likitoka linatoka na moto. Wanaoiacha 11 ilivyo husema ina mvutano zaidi, na hilo sitabishana nalo.

Sasa ona hesabu hii, maana ndiyo ushauri wangu wenyewe. Desturi ya kazi yetu ni kwamba mlango ukiwa na namba isiyowatosha wote, hamuondoi kilichoandikwa nje, mnaongeza tarakimu moja ndogo upande wa ndani. Mlango wenu ni 15. Mkiongeza 5, yaani namba ya mwenzako, mnapata 1 na 5 na 5, jumla 11, ambayo ni 2, namba ya ninyi wawili. Sijailazimisha itoke hivyo. 6 ya mlango na 6 yako ni kitu kimoja, kwa hiyo ukiongeza alipo yeye lazima ufike kwenye jumla yenu. Kwa maana nyingine, mlango tayari ulikuwa na jina lako, lililokosekana ni lake.

Namna ya kufanya ni rahisi. Siku mtakayoingiza vitu, mwenzako achukue kalamu ya wino mzito, aandike 5 kwa mkono wake mwenyewe kwenye fremu ya mlango, upande wa ndani, upande wa kitasa, kwa kimo cha macho. Udogo wa ukucha unatosha. Kama mwenye nyumba ni mkali kwa rangi zake, andikeni kwenye kipande cha karatasi mkibandike. Isiwe wewe unayeandika. Kibao cha nje cha jengo na namba ya mlango ya mwenye nyumba msiviguse kabisa, vile ni vya anwani, na mtu wa gari la wagonjwa anavitegemea. Na usinunue tarakimu ya shaba iliyosomewa. Kuna watu wanaiuza kwa bei ya godoro, na kalamu inafanya kazi ile ile.

Halafu ile 5 ipewe na kitu cha kushika ndani ya nyumba. Chumba kimoja, au kona moja tu kama vyumba havitoshi, apange yeye, hata akipanga vibaya machoni pako. Na wageni: kubalianeni kabla ya harusi mgeni analala siku ngapi, na nani anamwambia muda umefika. Msiiachie 6 na huruma yake iwaamulie.

Huenda utauliza, vipi kuhusu wenye 7 kweli, mlangoni kwao? Maana huyo rafiki yako bado atamtisha mwingine. Nilikaa siku moja kwa mume na mke wa Kinondoni, mlango namba 34, ambayo ni 7. Mke muuguzi wa zamu za usiku, mume mwalimu. Mezani kulikuwa na kawa limefunika sahani moja, na kiti kimoja kimevutwa. Kile chakula kilikuwa cha mtu atakayekula peke yake saa nne usiku, na kila siku kilikuwa hivyo, anayekula akibadilika kufuata zamu. Walikuwa wanaamini namba inawatenganisha. Mimi nilisoma hivi: 7 ni nyumba ya kusoma, kuswali, kufikiri, ya mtu anayetaka kimya, na kwao kimya kilikuwa kimekwisha kuwepo kwa sababu ya zamu, namba ikakiongezea uzito. Niliwaambia waongeze 2 ndani ya mlango wapate 9, na zaidi ya hapo wachague mlo mmoja wa wiki ambao kawa halitumiki. Walichagua chai ya Jumapili asubuhi. Ukiniuliza lipi lilisaidia, nitakwambia chai. Ile 2 mlangoni iliwakumbusha.

Nyumba ya 1 ndiyo ningewaangalia kwa makini zaidi kuliko 7, kama ingekuwa yenu. Husemwa inampa kila aliyemo hamu ya kuwa kichwa, na maharusi wakiingia humo wanagombea mpaka mahali pa kuweka kabati. Ya 4 ni ya kazi na akiba, inafaa wanaojenga huku wamepanga. Ya 8 ni pesa kuingia na pesa kugombewa. Ya 3 ni ya soga na vicheko na bili zilizosahaulika. Nyingine sitaziingia, hazikuhusu.

Kuna mpaka nataka uujue, mwanangu, kwa kuwa umeniambia huna raha. Hakuna kipimo cha sayansi kilichoonyesha kwamba namba ya mlango inafanya ndoa ivunjike au idumu, na mimi sikufundishwa kuisoma hivyo. Namba ni namna ya kuzitazama tabia za watu wawili zikiwa chini ya paa moja, kabla hazijagongana. Inakupa maneno ya kusema mapema: nitachoka na wageni, atabanwa na ratiba. Ikiwa mtu anakupiga, anakutukana, anakuficha mshahara, usimtafutie namba. Na usipoteze kodi ya miezi sita kwa ajili ya jumla ya tarakimu. Hiyo hasara ni ya uhakika.

Ukitaka kujua kama usomaji huu unawafaa, chukua daftari leo, kabla hujahamia, uandike mambo matatu unayoyahofia na matatu unayoyatumaini kwenye nyumba ile, kwa maneno yako, bila kutazama niliyoyaandika juu ya 6 wala 5. Mwenzako aandike yake, msionyeshane. Mwezi wa tatu baada ya kuhamia mkae myasome pamoja. Usomaji wa namba unadanganya kirahisi, kwa sababu ukishaambiwa upweke utaanza kuuona upweke hata pale mtu anapolala tu kwa uchovu. Daftari lililoandikwa kabla litawaonyesha kipi kilikuwa chenu na kipi nilikipandikiza mimi.

Siku ya kuhamia yenyewe chagueni ambayo gari la mizigo linapatikana na wote wawili mpo. Hilo la wote wawili kuwepo msilikose, muingie mlangoni pamoja, na kalamu awe nayo yeye. Na mwenye nyumba akija siku moja kupaka rangi milango upya na kubadilisha namba, kama wanavyofanya wakiongeza vyumba, nitumie picha ya mlango tuhesabu tena.